Hesabu Huanzia Uwanjani

Tarehe 3 Juni 2023 ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F inayobeba takriban tani 54, ilitua Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, kila ninapokaa na wakulima wa Iringa au Mbeya naulizwa swali moja: mboga zetu zitaruka lini moja kwa moja kutoka Songwe? Wa Iringa wanaongeza na uwanja wao wa Nduli. Mwaka huu mpwa wangu, aliyekodi shamba huko Kilolo, alinipigia simu akasema, "Shikamoo mjomba. Nikishavuna maharage machanga, nampigia nani anitafutie ndege?"

Swali lake lilinirudisha kwenye miaka niliyofanya kazi ya kupeleka mizigo mibichi kwenye ndege, kwanza maua, kisha mboga, na mwishoni samaki. Nilimjibu kwamba akishavuna atakuwa amechelewa. Katika biashara hii uvunaji ni hatua ya katikati, na kila hatua kabla yake hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma, kuanzia saa ambayo banda la mizigo uwanjani linafunga kupokea mzigo wa ndege fulani. Naeleza nilivyolielewa jambo hilo, kituo kimoja baada ya kingine.

Nilianzia Arusha, kwenye banda la kufungashia waridi. Waridi zilikatwa asubuhi, zikasimamishwa ndani ya ndoo za maji, zikaingizwa kwenye chumba cha ubaridi cha nyuzi 2 hadi 4, ndipo zikafungwa mafungu na kulazwa kwenye maboksi marefu. Sehemu kubwa ya maua ya ukanda ule haikuruka kutoka Uwanja wa Kilimanjaro, ingawa uko jirani. Yalipanda malori, yakavuka mpaka wa Namanga, yakaenda kuruka Nairobi kwa sababu huko ndege za mizigo ni nyingi na nafasi hupatikana karibu kila usiku. Hapo niliona kwamba mzigo mbichi haufuati uwanja ulio karibu. Unafuata uwanja wenye nafasi ya uhakika na chumba cha ubaridi kinachofanya kazi.

Msimamizi wetu, mama mmoja mtaratibu, alikuwa na tepu ya kupimia mfukoni mara nyingi kuliko kalamu. Siku moja aliniita kwenye boksi la waridi, akaniambia nipime. Lilikuwa sentimita 100 kwa 40 kwa 20. "Zidisha zote tatu, kisha gawa kwa 6,000," alisema. Nikapata kilo 13 na kidogo. Akaliweka boksi lilelile juu ya mizani, likasoma kilo 9. "Shirika la ndege litatutoza kwa ipi?" Nikasema kwa mizani. Akatikisa kichwa: hutozwa kwa ile iliyo kubwa. Ndege ina mipaka miwili, uzito na nafasi, na mwenye mzigo mwepesi unaojaza nafasi hulipia nafasi hiyo kana kwamba ina uzito. Kwa boksi lile tulikuwa tunalipia zaidi ya kilo 4 za hewa.

Tangu siku ile nililiona boksi kwa jicho lingine. Ukipunguza kimo chake kwa sentimita 2 bila kuyaponda maua, linashuka hadi kilo 12 za kulipia, na kwa maboksi mia kadhaa hiyo ni pesa inayobaki mfukoni mwa mkulima. Lakini boksi hilo lazima libaki na matundu ubavuni, yanayolingana na matundu ya jirani yake linapopangwa, maana ubaridi hupita humo. Mtu anayebana vipimo hadi kuziba njia ya hewa ameokoa nauli akapoteza maua.

Kutoka Arusha nilihamia Iringa, kwenye kituo kidogo cha kufungashia maharage machanga na njegere za maganda laini zilizolimwa na wakulima wadogo wa vilima vya Kilolo na maeneo ya jirani. Hali ya hewa ni nzuri, maji yapo, usiku ni wa baridi. Kilichokuwa mbali ni ndege. Ndege kubwa za abiria ziendazo Ulaya na Ghuba, ambazo hubeba mizigo tumboni chini ya abiria, zinaruka kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kwa barabara ile ya Tanzania na Zambia.

Hapa ndipo hesabu ya kurudi nyuma iliponiingia vizuri. Chukua ndege inayoruka Jumatano saa 5 usiku. Kwa mzigo kama wetu banda lilifunga kupokea saa 6 kabla ya kuruka, yaani saa 11 jioni. Lakini saa 11 jioni ni saa ya mzigo kuwa umekwisha kukaguliwa, kupimwa na kukubaliwa. Si saa ya lori kupiga honi getini. Kwa hiyo sisi tulitaka lori liwe getini saa 8 mchana. Lori la ubaridi kutoka Iringa tulilipangia saa 12 za njia: mteremko wa Kitonga, ambako lori moja likiharibika huziba wote, mizani za barabarani, mwendo wa pole ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kisha foleni ya Dar kuanzia Kibaha. Maana yake liondoke Iringa saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano. Kabla ya hapo mzigo uwe umechambuliwa, umepozwa kabisa, umefungwa na kurudishwa kwenye ubaridi. Basi uvunaji ulianza Jumanne saa 12 asubuhi, na kufikia saa 4 maharage yalipaswa kuwa kituoni, kabla jua halijawa kali.

Jumlisha kuanzia ganda la kwanza kuchumwa hadi ndege kuinuka: saa 41. Safari yenyewe ya angani hadi Ulaya ni kama saa 9 au 10. Watu husema mzigo wa ndege unasafiri haraka, na ni kweli angani, lakini sehemu kubwa ya safari ya maharage yale ilipita yakiwa ardhini Tanzania. Ndiyo maana sikuwahi kuamini kwamba kuongeza ndege peke yake kungetatua shida yetu.

Na nafasi? Ilishaombwa kwa wakala wa mizigo tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Wakala hakutaka kusikia "tutaleta mboga kiasi." Alitaka idadi ya maboksi, vipimo vya boksi, kilo pamoja na kifungashio, uwanja wa mwisho, na nyuzi za joto zinazotakiwa. Kwenye kompyuta yake mzigo ulipewa alama ya kundi lake: PEP kwa matunda na mboga, PEF kwa maua, PES kwa samaki. Alama hizo humwambia mpangaji wa ndege kitu cha kuweka karibu na kingine na cha kutenganisha. Jumatatu, baada ya wasimamizi wetu kupita shamba kwa shamba wakihesabu maganda yaliyokomaa, tulithibitisha kilo kamili. Kwa kawaida tulizungumzia maboksi 300 ya kilo 4, ambayo pamoja na kifungashio yalikaribia kilo 1,300. Maharage ni mazito kwa ukubwa wake. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 15 kwa hesabu ya nafasi ni kilo 3 tu, kwa hiyo sisi, tofauti na watu wa maua, tulitozwa kwa mizani.

Kuthibitisha Jumatatu kulikuwa na uzito wake. Ukishika nafasi ya kilo 1,300 ukaleta 800, unaweza kutozwa nafasi tupu, na mbaya zaidi wiki ijayo wakala hakuamini. Ukileta 1,600, zile 300 zinabaki bandani. Mwenzangu mmoja aliyesimamia wakulima alikuwa akiwaambia, "Ndugu zangu, leo tunavuna ya ndege, si ya shamba." Mkulima aliyekuwa na maganda mengi kuliko alivyoahidi alilazimika kuyaacha au kuyapeleka soko la mjini. Ilikuwa vigumu kwake, na sikuwahi kuizoea sura ya mzee aliyerudishiwa kreti zilizojaa. Hata hivyo wenye mkataba wa nafasi ya kudumu kila wiki hutendewa tofauti na wanaoomba nafasi wiki kwa wiki, na mkataba huo hupewa anayeleta alichosema. Ukitaka kujua thamani yake, omba nafasi ya dharura siku chache kabla ya tarehe 14 Februari, wakati waridi za Afrika Mashariki zinagombea kila tumbo la ndege.

Kituo kile kilinifundisha pia kuhusu joto. Maganda yanayotoka shambani yana joto la shamba, na zaidi ya hapo yanapumua na kujitengenezea joto lake. Ukiyafunga yakiwa na nyuzi 20 ndani ya nailoni na boksi, kisha ukayaingiza kwenye chumba cha ubaridi, boksi la nje litapoa na la katikati litabaki na uvuguvugu hadi asubuhi. Tulipanga kreti safu mbili zenye uwazi katikati, tukafunika uwazi huo kwa turubai kutoka juu, tukaweka feni kubwa mwisho wa safu ivute hewa baridi ipite ndani ya kreti. Yalipopoa ndipo yalipofungwa, kisha yakarudi kwenye ubaridi. Tulipima kwa thamometa yenye sindano, tukichoma ganda la boksi la katikati, kwa sababu thamometa ya ukutani husema habari za chumba tu. Lengo lilikuwa nyuzi 7. Chini ya 5 maharage yanaumia kwa baridi, na hasara yake haionekani papo hapo. Madoa ya kutu hujitokeza siku moja au mbili baadaye, yakiwa dukani kwa mnunuzi. Ndiyo sababu usiyachanganye kirahisi na waridi zinazotaka nyuzi 2, hata kama mnaelekea mji mmoja.

Dereva wetu alijua jambo moja ambalo wakulima wengi hawakulijua: friji ya lori hutunza ubaridi, haiutengenezi. Ukimpakilia mzigo wenye joto, atakupelekea mzigo wenye joto. Kabla ya kufunga milango alikuwa akiniomba thamometa achome mwenyewe.

Safari moja lilitokea jambo lililonifundisha kuhusu karatasi. Lori lilifika Dar mapema, mzigo umepoa vizuri, maboksi 300. Wakati wa kushusha, rundo la maboksi liliegemea upande, mawili yakapondeka, tukayatoa. Yakabaki 298. Hati ya mzigo wa ndege, ankara, orodha ya mzigo na ombi la cheti cha afya ya mimea vyote vilisema 300. Maboksi mawili ni kilo 8 tu, lakini kwa mkaguzi na kwa forodha mzigo usiolingana na karatasi zake ni mzigo usiojulikana. Karatasi nne zilihitaji kurekebishwa, na saa ilikuwa inakwenda. Binti mmoja wa ofisi ya wakala alituokoa kwa utulivu wake: alianza na kilichohitaji sahihi ya mtu wa nje, cheti cha afya ya mimea, kwa kuwa mkaguzi alikuwa bado yupo bandani, akaacha ankara ambayo angeweza kuichapa mwenyewe iwe ya mwisho. Tulikubaliwa saa 11 kasoro dakika chache.

Baada ya hapo tulibadili utaratibu. Kila lori lilibeba maboksi machache ya akiba ya shamba lilelile, na namba za mwisho ziliandikwa baada ya mzigo kushushwa na kuhesabiwa. Siku hizi ukaguzi huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti hicho kwa karibu kila mmea mbichi unaoingia kwake. Mkaguzi atafungua maboksi, atayamwaga mezani, atatafuta wadudu na matundu yao. Muda wa kazi yake lazima uwe ndani ya zile saa 3 kati ya geti na kufungwa kwa banda, sambamba na eksirei, mizani na kupanga maboksi kwenye paleti ya ndege. Anayefika saa 10 na nusu akitegemea huruma anawaomba watu wote hao waruke kazi zao.

Ndani ya mzigo tulikuwa tukiweka kifaa kidogo kinachorekodi joto njia nzima, na mnunuzi alitutumia mchoro wake. Nilidhani mstari ungepanda Kitonga au Mikumi. Ulipanda uwanjani, pale paleti inapotolewa chumba cha ubaridi na kusubiri nje karibu na ndege wakati mizigo ya abiria inapakiwa. Kwa ndege ya usiku ulipanda kidogo. Kwa ile ya mchana ulipanda sana, na maharage baridi yanapokutana na hewa nzito ya pwani hutoa jasho ndani ya nailoni, na jasho hilo ndilo mwanzo wa kuoza. Tangu hapo, tulipopewa kuchagua, tulichagua ndege ya usiku hata kama nauli yake ilizidi kidogo.

Miaka yangu ya mwisho kazini ilikuwa Mbeya. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule mdogo wa mjini, na njia yake ya kurukia ina urefu unaozidi kilomita 3. Biashara ya nje ilikuwa bado, lakini watu wa Kyela waliona nafasi yao: samaki wabichi wa Ziwa Nyasa, hasa mbasa, wafike Dar siku hiyohiyo. Mama mmoja mfanyabiashara aliniomba nimsaidie kupanga.

Ndege zenyewe zilikuwa za abiria. Kwenye ndege ya mapanga boi yenye viti sabini na kitu, mizigo ya abiria hupakiwa kwanza, na samaki hupata kinachobaki. Tena asubuhi za Songwe zina ukungu, na ndege ikishindwa kutua hakuna wa kulaumiwa. Nilimwambia yule mama, "Mama, usifungashe kwa ajili ya ndege ya leo. Fungasha kwa ajili ya ya kesho." Akauliza barafu iongezwe kiasi gani. Hapo palikuwa na mtego, kwa sababu barafu hulipiwa kama samaki, na ikiyeyuka hutoa maji. Maji ya samaki yakivuja hula chuma cha ndege na kunukisha mizigo ya watu, kwa hiyo wapakiaji hawapokei boksi linalotoka jasho, na wako sahihi.

Dawa ilikuwa ileile ya maharage: poza kwanza, fungasha baadaye. Samaki walilazwa usiku kucha kwenye barafu nyingi, kilo kwa kilo, hadi nyama ya karibu na mfupa ikafika nyuzi 0 hadi 2. Alfajiri walichujwa maji, wakawekwa ndani ya nailoni nzito iliyokunjwa mdomo, juu ya karatasi ya kunyonya, pamoja na pakiti za jeli zilizogandishwa badala ya barafu, ndani ya boksi jeupe la povu gumu lililozungushiwa utepe wa gundi. Siku ukungu ulipokataa kuondoka na ndege ikaahirishwa hadi kesho yake, maboksi yake yalirudi mjini kwenye friji ya rafiki, yakaruka siku ya pili, na mteja wa Dar akakuta matamvua bado mekundu. Jirani yake kwenye foleni alikuwa amefungasha kwa barafu ya kupondwa. Maboksi yake yalianza kuvuja kabla ya saa 6 mchana, akawauza samaki palepale Mbalizi kwa bei ya kutupa. "Ndaga," yule mama alinishukuru kwa Kinyakyusa chake, na akaendelea kufungasha hivyo.

Nayasema haya kwa mpwa wangu na kwa wote wanaosubiri ndege. Tani 54 ni maboksi yetu ya wiki mara arobaini, yote yafike siku moja, yakiwa na nyuzi zilezile na karatasi zilizolingana. Ndege ya mizigo haitatua Songwe kwa ajili ya tani moja na nusu, wala haitatua mara ya pili kama ya kwanza iliondoka nusu tupu. Njia ya kuifikia ninaiona hivi. Kwanza, vyumba vya kupozea viwe karibu na mashamba, vyenye feni za kuvuta hewa, si makontena yenye baridi tu. Pili, lori la ubaridi la pamoja liwe na siku zake maalumu, likianzia Mbeya na kupitia Iringa, kwa kuwa Mbeya iko zaidi ya kilomita 300 nyuma ya Iringa, na mkulima wake asiye na lori la kutegemea huvuna siku moja mapema na kuuza mboga iliyozeeka siku moja. Tatu, vikundi vya pande zote mbili viombe nafasi ya kudumu ya wiki kwenye ndege za usiku za Dar kwa jina moja, na vitimize kilo vilizoahidi.

Vikifanya hivyo kwa misimu michache, vitakuwa na kitabu cha kumbukumbu kinachoonyesha kilo zilizoombwa, kilo zilizoletwa, nyuzi za joto zilipopakiwa na saa mzigo ulipokubaliwa. Hicho ndicho shirika lolote la ndege litakachotaka kuona kabla ya kuipanga Songwe au Nduli kwenye ratiba yake. Mpwa wangu amekwishafungua chake. Ukurasa wa kwanza hauna bado mavuno. Una jina la wakala, siku ya ndege, na saa ya kufunga mlango.